Fundi umeme au kazi ya ofisini? Hesabu ya nyumba moja Pasiansi

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, swali moja hurudi katika nyumba nyingi za Sengerema, Magu, Misungwi, Ukerewe na kwingineko kando ya ziwa. Kuna ng'ombe wawili wa kuuza au gunia kadhaa za mpunga, na kuna kijana mmoja wa kusomeshwa. Je, fedha hiyo iende kwenye chuo kitakachompa cheti cha kukaa ofisini, au iende kwenye ufundi?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kufuata ufundi mmoja tu, wa kufunga umeme majumbani, kwenye nyumba moja ya vyumba vitatu mlimani Pasiansi, wilaya ya Ilemela jijini Mwanza. Tutaona kazi inavyofanyika, karatasi zinazohitajika, na kinachobaki mfukoni baada ya kazi kwisha. Mwishoni tutagusa kwa kifupi ufundi bomba na uchomeleaji, ili mzazi na kijana waweze kulinganisha.

Kazi inatoka wapi

Pasiansi ipo kaskazini mwa katikati ya jiji, upande wa barabara inayoelekea uwanja wa ndege. Sehemu ya chini ni tambarare, lakini ukiacha lami na kupanda, nyumba zimejengwa katikati ya mawe makubwa. Watu hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwakani kuta, mwaka unaofuata bati. Kwa fundi umeme maana yake ni kwamba nyumba moja humwita mara tatu au nne, kila mara kwa kipande kidogo cha kazi.

Vijijini kazi ipo kwa sababu nyingine. Miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, imesogeza nguzo karibu, na mwananchi wa kijijini amekuwa akiunganishwa kwa shilingi 27,000. Fedha hiyo humfikishia umeme hadi kwenye nyumba. Nyaya za ndani, swichi, soketi na taa ni gharama yake mwenyewe. Mwenye chumba kimoja au viwili anaweza kutumia kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho ni ubao mdogo wenye taa, soketi na breka, na hahitaji kufunga nyaya nyumba nzima. Mwenye nyumba kubwa zaidi atamtafuta fundi. Kwa hiyo kijana anayejifunza kazi hii jijini anaweza kurudi nayo kijijini.

Njia mbili za kujifunza

Njia ya kwanza ni chuo cha ufundi stadi. VETA ina chuo cha mkoa hapa Mwanza, eneo la Nyakato, na vyuo vingine katika wilaya. Mafunzo ya ufundi umeme hutolewa kwa ngazi tatu, na cheti huitwa NVA ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ada ya vyuo vya VETA kwa kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Juu ya ada kuna sare, vifaa vya kujifunzia, na chakula na nauli kwa anayekaa kutwa. Mzazi wa kijijini ambaye mwanawe hakupata bweni asikadirie kwa kuangalia ada peke yake. Chumba cha kupanga na chakula cha mjini vitazidi ada mara nyingi.

Njia ya pili ni kujifunza kwa fundi mtaani. Kijana huanza kama saidia fundi. Kazi yake ni kubeba ngazi, kupasua ukuta kwa tindo na nyundo, na kuvuta waya. Anajifunza kwa kuona, na mara nyingi hupewa posho ndogo tangu mwanzo. Ubaya wake ni kwamba anajifunza yale tu ambayo fundi wake anayajua, pamoja na makosa yake. Fundi ambaye hajawahi kupima ethi hawezi kumfundisha mwingine kuipima.

Aliyepita njia ya mtaani hajafungiwa mlango wa cheti. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao wengi huuita kurasimisha ujuzi. Fundi huomba, huhojiwa, hupewa kazi ya vitendo mbele ya wapimaji, na pale anapoonekana kupungukiwa hufundishwa kwa muda mfupi kisha hupimwa tena. Akifaulu hupata cheti kinachotambulika. Kwa kijana aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa, njia hii ni fupi kuliko kuanza upya darasani.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Kuchagua ufundi si kufunga mlango wa masomo. Mwenye cheti cha kidato cha nne akipata NVA ngazi ya tatu anaweza kuomba kuendelea na ngazi za fundi sanifu katika vyuo vinavyopokea sifa hizo, na kutoka hapo stashahada.

Leseni, na biashara ya kukodi mhuri

Cheti kinasema unajua kazi, lakini hakikuruhusu kuifanya. Ruhusa ya kufunga umeme hutolewa na EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Leseni za kufunga umeme zina madaraja, A, B, C, D na W. Daraja A ni la kazi kubwa zaidi, na kadiri unavyoshuka ndivyo kazi unazoruhusiwa zinavyokuwa ndogo. Anayeanza hahitaji daraja la juu. Anahitaji lile linaloruhusu kazi anazozifanya, yaani nyumba za kawaida za kuishi.

Leseni ina uzito kwa sababu TANESCO, kabla ya kuunganisha nyumba, hutaka ithibitishwe kwamba nyaya zimefungwa na mtu mwenye leseni. Fundi asiye nayo humaliza kazi kisha hukwama kwenye fomu. Hapo ndipo ilipozaliwa biashara ya kukodi mhuri. Fundi asiye na leseni humlipa mwenye leseni, naye hutia saini na kugonga mhuri kwenye nyumba ambayo mara nyingine hajawahi kuiona.

Desturi hii inawaumiza watu watatu. Mwenye nyumba anaishi ndani ya kazi ambayo haikukaguliwa. Mwenye leseni anabeba lawama ya kazi ya mtu mwingine siku nyumba ikiungua. Naye fundi aliyefanya kazi anatoa sehemu ya jasho lake kwa kila nyumba, mwaka hadi mwaka, na jina lake halionekani popote. Tutaona baadaye kwenye hesabu inamgharimu kiasi gani.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Tuchukue nyumba yetu ya mfano. Ina sebule, vyumba vitatu vya kulala, jiko, choo cha ndani na baraza. Fundi huanza kwa kutembea ndani ya nyumba na mwenyewe, akihesabu pointi. Pointi ni kila mahali patakapokuwa na taa, soketi au kifaa cha kudumu. Sebuleni kuna taa mbili, soketi mbili na feni moja. Kila chumba kina taa moja na soketi mbili. Jikoni kuna taa moja na soketi mbili. Chooni taa moja, na nje taa mbili. Jumla ni taa 9, soketi 10 na feni 1, yaani pointi 20.

Fundi anayefanya kazi kwa utaratibu huchora ramani ya pointi hizo kwenye karatasi na kumpa mwenye nyumba asaini. Karatasi hiyo inamwokoa baadaye. Bila hiyo, mama mwenye nyumba ataomba soketi moja zaidi ya friji, baba ataomba taa ya geti, na fundi atajikuta amefanya pointi 24 kwa bei ya 20.

Baada ya ramani hufuata kupasua ukuta na kulaza mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya. Kisha nyaya huvutwa. Kwa kawaida waya wa taa ni wa milimita 1.5 za mraba, ambao mafundi huuita moja na nusu, na waya wa soketi ni wa milimita 2.5 za mraba, yaani mbili na nusu. Unene huu si wa urembo. Waya mwembamba ukibebeshwa pasi na jiko la umeme hupata moto ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayeuona. Breka ipo ili ikate umeme kabla waya haujapata moto huo. Kwa hiyo fundi anayeweka waya wa moja na nusu kwenye soketi, kisha breka kubwa ili isiruke ruke, ameondoa ulinzi pande zote mbili.

Hatua inayofuata ni kufunga swichi, soketi na taa. Hapa kuna kosa ambalo mwenye nyumba anaweza kuligundua mwenyewe. Swichi inatakiwa kukata waya wenye moto. Fundi akichanganya, swichi itakata waya mwingine, taa itazimika, lakini kwenye holda moto utabaki. Taa ya kisasa inayoendelea kuwaka kwa mwanga hafifu hata baada ya kuzimwa inaweza kuwa dalili ya kosa hilo. Usibadilishe taa hiyo kabla ya kuzima meinswichi na kumwita fundi. Dalili nyingine ya kazi mbaya ni soketi inayogeuka rangi ya kahawia au kutoa harufu ya plastiki. Mara nyingi ndani yake kuna waya ambao haukukazwa, au kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe.

Ethi kwenye mlima wa mawe

Mwisho huja meinswichi na ethi, na hapa Pasiansi ndipo fundi anapopimwa. Ethi ni waya unaounganisha vyuma vya vifaa vyote na ardhi, ili umeme ukivuja upite huko badala ya kupita kwenye mwili wa mtu. Kwa kawaida hupigiliwa ardhini fimbo yenye shaba ya urefu wa zaidi ya mita moja. Chini kwenye tambarare fimbo huingia. Juu mlimani, baada ya sentimita 30 inagonga mwamba.

Fundi mwenye haraka hukata fimbo, hufukia kipande, na kuendelea. Taa zinawaka, redio inaimba, mwenye nyumba anaridhika. Lakini tuangalie kitakachotokea siku waya ukigusa bati la jiko la umeme. Tuseme ethi hiyo ya kwenye mawe ina ukinzani wa omu 100. Umeme wa volti 230 ukipita kwenye omu 100 unatoa mkondo wa ampea 2.3 tu. Breka ya soketi ni ya ampea 20, hivyo haitaruka. Bati la jiko litabaki na umeme, likimsubiri mtu wa kwanza kuligusa, pengine mtoto aliye peku kwenye sakafu yenye maji.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, fundi atafute mahali penye udongo karibu na nyumba, mara nyingi upande wa chini ambako maji ya mvua hupita, achimbe mtaro na kulaza waya wa shaba ndani yake, au apige fimbo zaidi ya moja na kuziunganisha. Wapo wanaomwaga chumvi na mkaa. Chumvi husaidia kwa muda, lakini mvua huiosha na nyingine hula chuma, kwa hiyo haifai kuwa tegemeo. Pili, nyumba iwe na kifaa kinachokata umeme unaovuja. Kifaa cha kawaida cha majumbani huruka pale umeme wa miliampea 30 unapovuja, ambayo ni sehemu ndogo sana ya ampea moja. Katika mfano wetu wa ampea 2.3 kingekata mara moja.

Kifaa hicho kina kitufe cha majaribio. Ukikibonyeza na umeme ukakatika, kifaa kinafanya kazi, lakini bado hujajua kama ethi yako ni nzuri. Ethi hupimwa kwa mita yake maalumu, na fundi wa kweli huandika namba aliyoipata. Vilevile hupima kama nyaya hazigusani ndani ya ukuta kabla ya umeme kuletwa. Siku hii ya kupima haionekani kwa macho, ndiyo maana wengi huiruka. Lakini ndiyo inayomtofautisha fundi na mtu anayeunganisha nyaya.

Hesabu ya nyumba moja

Sasa tuhesabu. Bei zifuatazo ni za mfano tu, zimewekwa ili uone hesabu inavyokwenda. Weka za mahali ulipo.

Tuseme fundi amepatana shilingi 10,000 kwa pointi. Pointi 20 ni shilingi 200,000. Meinswichi, ethi na upimaji amepatana 60,000. Jumla ya ufundi ni 260,000, na vifaa vyote amenunua mwenye nyumba. Kazi imechukua siku tisa. Siku moja ya kupima na kununua vifaa, tatu za kupasua ukuta na kulaza mabomba, mbili za kuvuta nyaya, mbili za kufunga, na moja ya meinswichi, ethi na kupima.

Kijana anayeisikia namba hii ya 260,000 kwa siku tisa hudhani amepata. Lakini kabla ya kuigusa, tuondoe gharama. Saidia fundi kwa siku sita, 10,000 kwa siku, ni 60,000. Nauli kwa siku tisa ni 18,000. Chakula cha mchana 3,000 kwa siku ni 27,000. Diski za kukatia ukuta, biti za drili na vitu vingine vinavyokwisha ni 15,000. Na kwa kuwa fundi huyu hana leseni, amekodi mhuri kwa 40,000. Jumla ya gharama ni 160,000. Kilichobaki ni 100,000. Ukigawa kwa siku tisa, kila siku amepata shilingi 11,000 na kidogo, karibu sawa na saidia fundi wake.

Hesabu hii inawashangaza mafundi wengi, kwa sababu fedha huingia kwa vipande. Analipwa 80,000 leo, anakula, anamlipa msaidizi, anamtumia mama kijijini, na mwisho hajui kazi ilimpa nini. Si kwamba hajui ufundi. Hajawahi kuandika.

Sasa tumbadilishe fundi huyu mambo mawili, bila kumwongezea kasi wala pointi. La kwanza, awe na leseni yake. Ile 40,000 ya mhuri inabaki kwake, na kilichobaki kinakuwa 140,000. La pili, atenganishe kwenye bei kazi ambazo alikuwa akizifanya bure. Kupima nyumba, kuchora ramani na kujaza fomu atoze 30,000, na nauli ya 18,000 ailipe mwenye nyumba. Sasa kinachobaki ni 188,000 kwa siku zilezile tisa, karibu 21,000 kwa siku. Ni karibu mara mbili ya mwanzo.

Lakini akiacha kupima, kisha akaitwa tena siku nzima kutafuta waya unaogusana, siku tisa zinakuwa kumi na pato la siku linashuka hadi 18,800. Ile siku ya kupima ilikuwa inajilipa yenyewe.

Kuhusu leseni, fundi anayefunga nyumba kumi kwa mwaka na kukodi mhuri wa 40,000 kila mara ametoa 400,000 kwa mwaka. Mwenye kusema hana fedha ya kufuatilia cheti na leseni aiangalie kwanza namba hiyo.

Tukilinganisha na ofisi

Serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Tuitumie kama kipimo, kabla ya makato.

Fundi wetu wa pili, mwenye leseni na anayehesabu, anahitaji siku 24 za kazi katika mwezi ili afikie 500,000. Hizo ni karibu siku zote za mwezi ukiondoa Jumapili. Fundi wa kwanza, kwa siku hizohizo 24, atapata kama 266,000. Na mwanzoni hakuna anayepata kazi siku 24. Anayeanza anaweza kukaa wiki nzima bila simu kulia. Kwa hiyo anayemwambia kijana kwamba ufundi utamtajirisha kuliko mshahara anamdanganya, angalau kwa miaka ya mwanzo.

Tofauti ya kweli ipo mahali pengine. Mshahara wa ofisini unaanza siku utakapoajiriwa, na siku hiyo huipangi wewe. Kijana anaweza kumaliza stashahada na kukaa nyumbani miaka akituma maombi, na katika miaka hiyo cheti chake hakimlipi chochote. Fundi anaanza kupata kidogo tangu akiwa msaidizi, na kila nyumba anayoifunga vizuri inamletea nyingine kwa jirani. Kwa upande mwingine, mwenye ajira akiugua mwezi mmoja anaendelea kulipwa, na anachangiwa mafao ya uzeeni na mwajiri. Fundi akianguka kwenye ngazi, pato linasimama siku hiyohiyo. Ndiyo maana bima ya afya, na uchangiaji wa hiari NSSF unaoruhusiwa kwa waliojiajiri, viingie kwenye bei yake ya pointi kama anavyoingiza nauli.

Pia ufundi na ajira si maadui. Viwanda vya samaki vya Mwanza vina majokofu na mota zinazohitaji mafundi umeme, na mahoteli, hospitali na shule huajiri mafundi wa matengenezo. Mwenye cheti anaweza kuomba nafasi hizo. Aliyejifunza mtaani bila kurasimisha ujuzi wake hawezi hata kuingia kwenye orodha.

Bomba na uchomeleaji

Ufundi bomba unaanza kwa vifaa vichache zaidi. Spana za mabomba, msumeno, futi na mashine ya kuunganishia mabomba ya plastiki kwa joto vinatosha kazi nyingi za nyumbani. Mlimani Pasiansi kazi yake kubwa ni matangi ya kuhifadhia maji na msukumo, kwa kuwa maji yakipungua nguvu nyumba za juu ndizo hukosa kwanza. Hatari ya kazi hii ni kuvuja baada ya ukuta kupigwa lipu. Fundi makini huacha bomba limejaa maji yenye msukumo usiku mzima kabla ya kuruhusu kufunika.

Uchomeleaji unataka mtaji mkubwa zaidi tangu mwanzo. Unahitaji mashine, grenda, kioo cha kukinga macho, eneo la kudumu na bili ya umeme kila mwezi. Lakini kazi inakuja dukani kwako badala ya wewe kuifuata, na anayepanda ngazi anaweza kufika mbali. Meli ya MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, iliundwa hapahapa jijini na kushushwa majini Februari 2023, na meli ni chuma kilichoungwa kwa moto kutoka mwanzo hadi mwisho. Tatizo la kwanza la mwanafunzi wa kuchomelea ni macho. Akiyaunguza usiku huyahisi kama yana mchanga. Fundi anayemfundisha kijana bila kumpa kioo cha kukinga macho si wa kumkabidhi mtoto.

Kabla ya kumkabidhi kijana

Mzazi anayempeleka kijana kwa fundi wa mtaani amwombe fundi huyo mambo matatu, kwa adabu na bila kuona haya. Aone leseni yake na asome inaruhusu kazi gani. Aone mita yake ya kupimia, si bisibisi ya tester peke yake. Na aone daftari lake la kazi zilizopita, lenye pointi, siku na fedha zilizobaki. Mwenye leseni na mita lakini hana daftari atamfundisha kijana ufundi, ila kijana atalazimika kujifunza hesabu mwenyewe. Asiye na hata kimoja atamfundisha kupasua ukuta.

Kijana naye, kabla ya kuamua, aombe kumfuata fundi kwa siku tisa kama zile za nyumba yetu, tangu ramani hadi kupima ethi. Asiende siku ya kuwasha taa peke yake, kwa kuwa siku hiyo kila mtu hufurahi. Aende pia siku ya tatu, wakati vumbi la ukuta limejaa puani na mikono imechubuka kwa tindo. Jioni hiyo atakuwa na jibu la swali lililoulizwa nyumbani.